Birika lililoyumba: uchambuzi wa mzunguko mmoja wa picha 36

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Muuzaji wa vyombo vya jikoni mtandaoni alitaka birika moja la chuma cha pua lionekane pande zote, ili mteja aburute kidole juu ya kioo cha simu na birika lizunguke naye. Nililiweka kwenye meza ya kuzungusha yenye mota, nikawasha taa mbili, nikarekodi video, nikachomoa fremu kwa nafasi sawa na kumtumia picha 36, yaani picha moja kwa kila nyuzi 10. Jibu lilirudi siku hiyohiyo: "Birika ni zuri, ndugu, lakini linanitia kizunguzungu."

Nilipolizungusha mwenyewe nikaona alichokiona. Birika liliyumba kushoto na kulia kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Kishikio kilimeta ghafla mara kadhaa katika mzunguko. Kwenye mandhari nyeupe palikuwa na mkanda hafifu wa kijivu uliopanda na kushuka. Na kila mzunguko ulipofika mwisho na kuanza upya, birika lilijikwaa. Kasoro nne zikitokea kwa pamoja huonekana kama kasoro moja kubwa, na kishawishi cha kwanza ni kurudia kazi nzima kwa kubadilisha kila kitu. Sikufanya hivyo, kwa sababu ukibadilisha kila kitu hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na birika la kesho litakuletea shida zilezile.

Nilichokuwa nacho ni video ndefu kuliko nilivyohitaji. Nina desturi ya kuiacha kamera irekodi angalau mizunguko miwili kamili, na ziada hiyo ndiyo iliyonisaidia. Nilichomoa picha 36 za mzunguko wa pili na kuzipanga chini ya zile za mzunguko wa kwanza, pembe kwa pembe, kisha nikauliza swali moja tu juu ya kila kasoro: je, inarudi kwenye pembe ileile? Kasoro inayorudi pembe ileile inatokana na jinsi kitu, taa na kamera vilivyopangwa. Kasoro isiyojali pembe inatokana na umeme au na kamera yenyewe. Kwa mtihani huo, kumeta kwa kishikio na kuyumba vilirudi palepale, ilhali mkanda wa kijivu ulikuwa umehama kabisa. Kujikwaa kulibaki peke yake, kwa kuwa hakukuwa ndani ya picha yoyote. Kulikuwa kati ya picha ya mwisho na ya kwanza.

Nianze na mkanda, kwani ndio uliokuwa rahisi. Taa nyingi za bei ya chini zinazotumia umeme wa ukutani haziwaki kwa utulivu ingawa macho yetu yanadhani hivyo. Kwenye umeme wa 50 Hz mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kwenye umeme wa 60 Hz mara 120. Mimi nilikuwa nimeweka shata kwenye 1/125, nikiamini kwamba shata ya haraka hupunguza ukungu wa mwendo. Muda huo ni mfupi kuliko wimbi moja kamili la mwanga kwenye umeme wa 50 Hz, ambalo huchukua 1/100 ya sekunde. Kihisi cha kamera nacho husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo baadhi ya mistari hupata sehemu angavu ya wimbi na mingine hupata sehemu iliyofifia, na huo ndio mkanda. Kwa kuwa kasi ya fremu na kasi ya umeme hazikufungamana, mkanda ulionekana mahali tofauti katika kila fremu.

Dawa yake ni kuweka shata kwenye muda unaobeba mawimbi kamili: 1/100 au 1/50 kwa umeme wa 50 Hz, na 1/120 au 1/60 kwa umeme wa 60 Hz. Kila mstari hupata wimbi zima, haidhuru umeanzia wapi, na mkanda hutoweka. Tahadhari moja inahitajika hapa. Taa inayopunguzwa mwanga kwa kitufe chake mara nyingi hupunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa upesi sana, na kasi hiyo haihusiani na umeme wa ukutani. Hesabu yangu haitaiponya. Taa ya namna hiyo niliiwasha kwa nguvu zote na kuisogeza mbali, badala ya kuipunguza kwa kitufe.

Huenda msomaji akauliza kuhusu ule ukungu wa mwendo niliokuwa ninaukimbia. Ncha ya mdomo wa birika ilikuwa sentimita 14 kutoka mhimili, na mzunguko mmoja ulichukua sekunde 23 na nusu hivi. Katika 1/100 ya sekunde ncha hiyo husogea chini ya nusu milimita. Picha yangu ilionyesha upana wa sentimita 36 kwa pikseli 1500, kwa hiyo ukungu ulikuwa takriban pikseli moja na nusu, tena pale tu mdomo unapoielekea kamera au kuipa mgongo, maana hapo ndipo unapokwenda kando. Unapokuwa ubavuni unakuja au unarudi, na ukungu hauonekani kabisa. Nilikuwa nimeogopa kitu kidogo na kujitafutia kikubwa.

Kumeta kwa kishikio kulihitaji kufikiri zaidi. Mwili wa birika ni wa duara, na kitu cha duara kinachozunguka juu ya mhimili wake kina tabia ya ajabu kidogo: miako yake haisogei. Taa ya kushoto huonekana kama mstari mweupe ubavuni, na mstari huo hukaa palepale katika picha zote 36, kana kwamba umechorwa. Lisipokuwa na kishikio wala mdomo, mtazamaji hawezi kujua kama birika linazunguka au limesimama. Kishikio, kwa upande mwingine, kilikuwa cha plastiki nyeusi inayong'aa, chenye nyuso mbili bapa, moja kila upande. Uso bapa ni kioo. Humeta kwa picha moja au mbili, pale tu unapoelekea katikati kabisa ya kamera na taa, kisha hurudi kuwa mweusi.

Taa zangu zilikuwa nyuzi 45 kushoto na 45 kulia mwa kamera. Katikati ya kamera na kila taa ni nyuzi 22 na nusu. Picha ya 1 ilionyesha birika likiwa ubavu, uso mmoja wa kishikio ukiitazama kamera moja kwa moja, kwa hiyo uso huo ulipaswa kumeta nyuzi 22 na nusu baada ya hapo na tena nyuzi 22 na nusu kabla ya hapo, na uso wa pili ufanye vivyo hivyo nusu duara baadaye. Ukigawa kwa nyuzi 10 unapata picha ya 3, ya 17, ya 21 na ya 35. Nilipofungua mafaili, picha zilizometa zilikuwa hizohizo au jirani zake wa karibu kabisa. Ilinipa faraja fulani, kwa sababu kasoro inayotabirika kwa hesabu haihitaji kubahatisha dawa.

Dawa ya kwanza iliyonijia ilikuwa kuziweka taa nyuma ya vitambaa vyeupe ili zilainike. Inasaidia, lakini ina mpaka wake: kitambaa cha upana wa sentimita 60 kilicho umbali wa mita moja bado huonekana kwenye uso bapa kama dirisha linalofunguka na kufunga, ila sasa linafunguka kwa muda mrefu zaidi. Nilichagua njia nyingine. Taa zote mbili nilizipandisha juu ya birika na kuzielekeza chini kupitia kitambaa kimoja kipana, kilichotandazwa kwenye fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Uso bapa uliosimama wima hauwezi kuutuma mwanga wa juu kwenye kamera iliyo mbele yake; huutuma chini, mezani. Kumeta kukaisha. Gharama yake ni kwamba ubavu wa birika ulififia na kuwa wa kijivu kizito, nikaweka mabango mawili meupe wima, moja kila upande, nje kidogo ya picha. Mabango nayo huakisiwa na kishikio kwa pembe zilezile, lakini yanarudisha mwanga hafifu tu, kwa hiyo kinachoonekana ni weupe unaotambaa polepole juu ya plastiki, na jicho hulipokea hilo kama umbo la kishikio.

Mandhari ya nyuma niliipa taa yake ya pekee. Ikiangazwa na taa zilezile za birika, kila ukigusa taa kwa ajili ya birika unaharibu weupe wa nyuma, na mnyororo huo hauna mwisho. Na kila kitu kwenye kamera kilifungwa kwa mkono: mwangaza, rangi na fokasi. Kamera iliyoachwa ijiamulie huona kishikio cheusi kikipita mbele, ikaamua kwamba pamekuwa giza na kuongeza mwanga, na birika zima likapauka kwa picha sita na kurudi. Kasoro hiyo nayo hurudi pembe ileile, kwa hiyo mtu anaweza kuilaumu taa bure.

Sasa kuyumba. Hapa kuna makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mhimili wa meza kutokuwa katikati ya picha; hilo huliweka birika upande mmoja, lakini haliliyumbishi. La pili ni birika kutokuwa katikati ya meza, na hilo ndilo linaloyumbisha. Yanarekebishwa mbalimbali, tena kwa utaratibu, mhimili kwanza.

Ili kuupata mhimili sikuiamini alama iliyochapwa juu ya sahani. Nilibandika kipande cha karatasi katikati, nikagusisha ncha ya kalamu iliyotulia wakati meza ikizunguka, na kalamu ikachora kiduara kidogo. Kitovu cha kiduara hicho ndicho mhimili wa kweli. Nilisimamisha sindano hapo kwenye donge dogo la udongo wa kufinyanga, nikaisogeza kamera mpaka mstari wa wima wa katikati kwenye kioo chake ukalingana na sindano kuanzia chini hadi juu. Sindano ikilingana chini na kupishana juu, kamera imeinama upande, na hakuna urekebishaji wa birika utakaoficha hilo.

Baada ya hapo niliweka birika na kupima. Katika picha za zamani, ukingo wa kushoto wa mwili ulikuwa umesogea pikseli 24 kati ya picha ya 1 na ya 19, ambazo ni nusu duara mbali. Kwa kipimo nilichokitaja hizo ni milimita 6 hivi, na kwa kuwa kosa huonekana mara mbili, upande huu na upande ule, birika lilikuwa limekaa milimita 3 tu nje ya kitovu. Nilistaajabu kidogo kwamba milimita 3 zinaweza kumtia mtu kizunguzungu, lakini ukizitazama zikienda na kurudi kila mzunguko huwezi kuona kitu kingine. Kazi ikawa hii: zungusha nusu duara, soma umbali ukingo uliosogea, sukuma birika nusu ya umbali huo, rudia. Kisha geuza robo duara na ufanye hivyo hivyo, yaani picha ya 10 dhidi ya ya 28, maana jozi moja hupima mwelekeo mmoja tu. Mara tatu zilinitosha kufikia chini ya pikseli 2. Kama ukingo wa juu ungesogea na wa chini ukatulia, tatizo lingekuwa birika lililoinama, na kulisukuma kusingesaidia. Ningetia karatasi chini ya kitako.

Palikuwa na uamuzi mmoja ambao si wa hesabu. Birika lina mdomo upande mmoja na kishikio upande mwingine, na vimetokeza kwa urefu tofauti. Je, katikati ni ya mwili au ya umbo zima? Wapo wanaoweka katikati ya umbo zima ili nafasi nyeupe pembeni ilingane. Mimi nashikilia mwili, kwa sababu jicho hufuata kitu cha duara kilicho kikubwa na husamehe mdomo unaochomoza. Mwili ukienda matao hausamehewi. Inanilazimu tu kupanga upana wa picha kwa kutumia ncha iliyo mbali zaidi na mhimili, sentimita 14 kila upande, pamoja na nafasi ya kupumua.

Kuhusu fokasi nitasema machache. Lenzi ya 100 mm ikiwa mita 1.1 hivi kutoka birika, kwenye kihisi kamili, hutoa kina cha ukali cha sentimita 10 hivi kwa f/16. Mwili ulikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 9, na kamera huona kuanzia tumbo lake la mbele hadi kwenye kingo zake tu. Nililenga katikati ya sehemu hiyo, sentimita 4 na nusu mbele ya mhimili, kwa kutumia ile sindano, kabla ya kuweka birika. Mdomo unapoielekea kamera hupoteza ukali kidogo kwa picha kadhaa, na nimeliacha hivyo.

Lililobaki ni kujikwaa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Karatasi ya maelekezo ya meza ilidai mzunguko mmoja kwa sekunde 24. Nikirekodi fremu 30 kwa sekunde, hiyo ni fremu 720, na 720 kwa 36 ni fremu 20 kamili. Ndivyo nilivyochomoa: kila fremu ya 20. Sikuwa nimeupima mzunguko wenyewe. Nilipobandika alama nyeupe kwenye ukingo wa sahani na kuhesabu fremu mpaka irudi kwenye mstari wa katikati, nilipata 705. Kwa hiyo picha yangu ya 36 ilikuwa fremu ya 700, fremu 5 tu kabla ya duara kufunga. Hatua zote zilikuwa za nyuzi 10 na kidogo, isipokuwa ya mwisho iliyokuwa ya nyuzi mbili na nusu. Birika halikuruka mbele. Lilisita, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Niliongeza alama tatu zaidi ili kila robo ya duara iwe na hesabu yake. Meza ikiwa tupu robo zilikuwa sawa. Birika likiwa juu yake zilitoka 171, 176, 182 na 176. Jumla ni ileile, lakini kuna robo ya haraka na robo ya polepole inayoielekea, na mpangilio huo unamaanisha mzigo mzito upande mmoja unaoteremka na kupanda. Pimamaji ilithibitisha: meza ilikuwa imeinama. Kishikio na mdomo haviko sawa kwa uzito, kwa hiyo upande mzito ulipoteremka uliisukuma mota, na ulipopanda uliizuia. Nilitia kadi chini ya mguu mmoja, nikapima tena, na robo zikawa 176, 176, 177 na 176.

Kwa hesabu ya kweli mkononi, uchomoaji wenyewe haupaswi kutumia hatua nzima ya 20, bali 705 ikigawanywa kwa 36, ambayo ni 19.58, na kila picha ichukue fremu ya kwanza inayofikia au kupita nafasi yake. Ninaanzia fremu ya 150, sekunde 5 baada ya kuwasha mota, ili kasi iwe imetulia:

```
ffmpeg -i birika.mp4 -vf "select='gte(n,150)*lt(mod((n-150)*36,705),36)'" -fps_mode vfr -frames:v 36 -q:v 2 picha_%02d.jpg
```

Amri hii hutoa picha 36 ambazo zimepishana fremu 19 au 20, na kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza ni fremu 19. Tofauti ya fremu moja ni nusu digrii, na haionekani. Kosa la jirani yake ni kuchomoa picha 37, ukiweka na ile ya nyuzi 360. Hiyo ni picha ya kwanza iliyorudiwa, na birika husimama kwa nukta moja kila duara.

Wapo watakaosema kwamba ningeepuka hesabu hii yote kwa kuisimamisha meza kila nyuzi 10 na kupiga picha moja moja. Kwa vitu vingi ni kweli, na ukali wa picha ni bora. Ila kifuniko cha birika hili kilikuwa na pete iliyolegea, na kila meza iliposimama pete ilitikisika kwa zaidi ya sekunde mbili. Tena, tundu la lenzi hufunguka na kufunga kwa kila picha, wala halirudi sawasawa kila mara, kwa hiyo mwangaza hupishana kidogo kutoka picha hadi picha. Kwa video tundu hukaa palepale mwanzo hadi mwisho.

Nilirekodi upya mizunguko miwili, nikalinganisha tena pembe kwa pembe kabla ya kutuma. Picha ya 3, ya 17, ya 21 na ya 35 zilikuwa tulivu. Ukingo wa mwili ulicheza pikseli moja. Kitu kimoja kilirudi pembe ileile katika mizunguko yote miwili, picha ya 14, doa dogo la kung'aa chini ya kishikio, na nilipolisogelea birika lenyewe nikakuta ni alama ya kidole changu.